Barua Moja kwa Ofisi ya Udahili

Kwa miaka kadhaa nilikaa kwenye dawati la udahili la chuo kikuu, upande wa waombaji wanaotoka nje ya nchi. Watu walidhani mimi ndiye ninayeamua nani aingie na nani abaki nje. Hapana, hiyo ilikuwa kazi ya walimu wa idara. Kazi yangu ilikuwa kujibu barua pepe, na barua iliyokuja mara nyingi kuliko zote ilikuwa hii, au ndugu yake wa karibu: "Habari za kazi. Naomba kujua tarehe ya mwisho ya kuomba, ada, na nyaraka zinazohitajika. Asante."

Ni barua ya adabu, na mwandishi wake hajakosea lolote kwa upande wa heshima. Tatizo ni kwamba haijibiki. Anaomba shahada ya kwanza au ya uzamili? Muhula upi? Amesomea wapi? Mtu wa dawatini hawezi kubahatisha, kwa hiyo hufanya jambo moja tu lililo salama: humtumia kiungo cha ukurasa wa programu. Mwombaji akikifungua anakuta maelezo yaleyale aliyokwisha kuyasoma, anaona amedharauliwa, na wiki imepotea bure.

Mambo matatu anayouliza, tarehe, ada na nyaraka, karibu kila chuo huyaandika kwenye tovuti. Kisichoandikwa ni namna yanavyomgusa mtu ambaye mambo yake hayakukaa sawasawa na ukurasa unavyotarajia. Hapo ndipo barua ya maulizo inapopaswa kuanzia.

Nitaeleza barua moja niliyowahi kuipokea, nikiwa nimebadilisha maelezo kiasi cha mwenyewe kutotambulika. Mwombaji alikuwa muuguzi aliyetaka kusoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii. Ukurasa wetu ulisema masomo yanaanza tarehe 21 Septemba, mwisho wa kuomba ni tarehe 30 Juni, na nyaraka ni cheti cha shahada ya kwanza, transkripti, ushahidi wa lugha, na barua mbili za mapendekezo. Ada nayo ilikuwepo. Kwa maneno mengine, yote matatu yalikwishajibiwa kabla hajaandika. Hata hivyo alikuwa na sababu nzuri ya kuandika. Tukiiweka kwa Kiswahili, barua yake ilikuwa hivi:

*Yah: Shahada ya Uzamili ya Afya ya Jamii, kuanza Septemba: maswali ya mwombaji kutoka nje*

*Ndugu Afisa Udahili,*

*Ninaandaa maombi ya programu iliyotajwa hapo juu, masomo ya muda wote. Bado sijafungua fomu, hivyo sina namba ya maombi. Leo, tarehe 6 Mei, nimesoma ukurasa wa programu na ukurasa wa ada. Ninayouliza hapa ni yale ambayo sikuyaona humo.*

*1. Transkripti yangu kamili ya shahada ya uuguzi imeshatoka, lakini cheti kitatolewa kwenye mahafali ya Novemba, baada ya masomo yenu kuanza. Je, barua ya msajili wa chuo changu inayothibitisha kwamba nimekamilisha masharti yote ya shahada inatosha (a) wakati wa kuomba, na (b) wakati wa kujisajili mwezi Septemba?*

*2. Matokeo yangu ya mtihani wa Kiingereza ni ya tarehe 14 Agosti mwaka juzi. Je, yanatakiwa yawe hai siku ninayotuma maombi, au siku masomo yanapoanza?*

*3. Cheti changu cha sekondari kina majina mawili. Pasipoti na transkripti zina majina matatu. Mnakubali hati gani kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja?*

*4. Ada italipwa na mwajiri wangu. Je, malipo ya awali ya kushikilia nafasi yanaweza kutoka kwenye akaunti yake, na mnahitaji barua gani kutoka kwake? Tena, kiasi kilichoandikwa ni cha mwaka mmoja au cha programu nzima?*

*5. Je, tarehe 30 Juni ni ya kutuma fomu tu, au barua za mapendekezo nazo ziwe zimefika siku hiyo?*

*Ikiwa majibu yapo tayari kwenye ukurasa nisiouona, nitashukuru nikielekezwa. Natanguliza shukrani.*

Chini aliandika jina lake kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, na nchi aliyosomea. Hakuambatisha kitu.

Niliijibu siku hiyohiyo, isipokuwa swali la nne ambalo ilibidi nilipeleke ofisi ya fedha. Wala sikufanya hivyo kwa kumpendelea. Barua iliyonyooka namna ile humalizika kwa kukaa mara moja, na mtu mwenye foleni ya barua mia atazimaliza kwanza zile zinazomalizika. Si haki sana, lakini ndivyo foleni inavyokwenda.

Tazama kichwa chake cha habari. Anwani ya udahili si ya mtu mmoja. Ni kikasha cha pamoja ambacho maafisa kadhaa hukifungua, na barua hugawiwa kwa kuangalia programu na muhula. Barua yenye kichwa "Maulizo" au "Msaada wa haraka" lazima kwanza ifunguliwe na mtu wa kuigawa. Ukiwa umeshapewa namba ya maombi, iweke hapohapo kwenye kichwa, kwa sababu ndiyo inayotafutwa kwenye mfumo. Jina peke yake halitoshi. Majina hufanana kuliko watu wanavyodhani.

Kuna sentensi moja ambayo wengi huiruka: "Leo, tarehe 6 Mei, nimesoma ukurasa wa programu." Kurasa za vyuo hubadilishwa katikati ya msimu, na mara nyingine ukurasa wa mwaka uliopita hubaki mtandaoni ukiwa na ada ya zamani. Mwombaji akitaja siku aliyosoma, na hasa akinakili sentensi inayomtatiza, afisa anajua wanazungumzia maandishi yaleyale. Pia inamwambia afisa kwamba kumtumia kiungo kilekile hakutasaidia.

Swali la pili ndilo nililoliona la thamani kubwa kuliko yote, ingawa ni fupi. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza kama IELTS na TOEFL kwa kawaida huhesabiwa kuwa hai kwa miaka 2. Mtihani wake ulikuwa wa tarehe 14 Agosti, mwaka juzi. Siku ya mwisho ya kuomba, tarehe 30 Juni, matokeo yangekuwa bado hai, na mfumo ungeyapokea bila kelele. Lakini masomo yalianza tarehe 21 Septemba, wiki 5 na ushee baada ya matokeo kufa. Vyuo havifanani hapa: kimoja huhesabu siku ya maombi, kingine siku ya kuanza masomo, na mara nyingi ukurasa huandika tu "yasizidi miaka 2" bila kusema yahesabiwe kutoka siku gani. Chetu kilihesabu siku ya kuanza. Kwa kuwa aliuliza Mei, alipata muda wa kujiandikisha upya na kufanya mtihani bila papara. Angejua Agosti, akiwa tayari ameshikilia nafasi yenye masharti, angekuwa anatafuta kiti cha mtihani wakati uleule anaopaswa kuwa kwenye maombi ya viza.

Nyaraka zina umri. Mtu husoma orodha ya nyaraka akakagua kama anazo zote, asikague kama zitakuwa hai siku zitakapohitajika. Pasipoti inayoisha katikati ya masomo ni ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo kila hati yenye tarehe iulizie siku inayohesabiwa.

Tarehe ya mwisho nayo haiko moja. Kuna siku ya kufunga fomu. Kuna siku ya barua za mapendekezo, ambayo vyuo vingine huifanya ileile na vingine husogeza mbele kidogo. Kuna ya ufadhili, ambayo aghalabu hufika mapema sana kuliko ya udahili wenyewe, wakati mwingine miezi kadhaa kabla. Halafu, kwa aliyepata nafasi, kuna siku ya kuikubali na kulipa malipo ya awali. Mwombaji wa ndani anaweza kuishi na tarehe hiyo ya kwanza tu. Wa nje hawezi, kwa kuwa viza inasubiri hati ambayo chuo huitoa baada ya hatua hizo zote kukamilika. Uingereza hati hiyo ni namba ya CAS, Marekani ni fomu I-20. Barua ya kukubaliwa, hata iwe na muhuri mzuri namna gani, haichukui nafasi yake. Kwa hiyo swali moja la ziada ambalo ningependa kila mwombaji wa nje aulize ni hili: "Nikikamilisha kila kitu siku ya mwisho kabisa, nitapata hati ya viza kwa wakati wa kuanza masomo?" Afisa mkweli mara nyingi atakujibu kwamba hapana, na atakutajia tarehe ya kweli, ambayo haiko kwenye ukurasa.

Kuhusu saa, uliza ni saa za wapi. Fomu ikifungwa saa 23:59 tarehe 30 kwa saa za ofisi, na saa yako iko mbele yao kwa saa 3, basi kwako ni saa 02:59 ya tarehe 1. Umepata nafuu kidogo. Lakini aliye nyuma yao kwa saa 6 anafungiwa saa 17:59 jioni ya tarehe 30, akiwa bado anadhani ana usiku mzima. Nchi za Umoja wa Ulaya hubadilisha saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, kwa hiyo tofauti mliyoihesabu Februari siyo ya Aprili.

Fedha nitazieleza kwa ufupi, maana tatizo ni lilelile: neno moja linabeba vitu vingi. Ada ya maombi hulipwa ili fomu isomwe, na kwa kawaida hairudishwi hata ukikataliwa. Ada ya masomo ni ya mwaka au ya programu nzima, na kwa programu ya mwaka na nusu au miwili tofauti hiyo si ndogo, ndiyo maana muuguzi wetu aliiuliza. Mwombaji wa nje aulize vilevile kama kiwango hubaki kilekile hadi mwisho au huweza kupanda mwaka wa pili. Malipo ya awali ni sehemu ya ada inayotangulizwa ili nafasi ishikiliwe. Uliza inarudishwa katika hali gani, hasa viza ikikataliwa. Gharama za viza si za chuo, na ofisi ya udahili haina mamlaka nazo.

Kuna mtego wa benki unaowanasa watu wazima wenye akili zao. Ukituma fedha nje kwa njia ya benki, fomu hukuuliza nani abebe makato: OUR ni mtumaji abebe yote, SHA ni kugawana, BEN ni mpokeaji abebe. Ukichagua SHA, benki za katikati zinaweza kukata chao njiani na fedha zikafika pungufu. Nilishaona malipo ya awali yaliyopungua kiasi kidogo mno, lakini mfumo ulihesabu kwamba hayajakamilika, na hati ya viza haikutoka hadi mwombaji alipotuma tena kile kilichobaki, kwa makato mengine mapya. Uliza namba ya kumbukumbu inayotakiwa kuandikwa kwenye muamala. Mwajiri akilipa bila namba hiyo, fedha zinaingia kwenye akaunti ya chuo na zinakaa hapo hazina mwenyewe. Na ukipokea barua pepe inayokuambia akaunti ya chuo imebadilika, usiijibu hiyo. Ingia kwenye ukurasa wako wa mwombaji, au piga namba iliyo kwenye tovuti ya chuo.

Nikirudi kwenye nyaraka, swali la kwanza la muuguzi lina ustadi ambao huenda msomaji ameupita. Aligawa: wakati wa kuomba, na wakati wa kujisajili. Chuo huwa na viwango viwili. Kwenye maombi, nakala ya kuskani mara nyingi inatosha kwa uamuzi. Kwenye usajili hutakiwa hati halisi au nakala iliyothibitishwa. Asiyegawa huambiwa "tunahitaji cheti", anakata tamaa au anaahirisha mwaka mzima, kumbe cheti kinahitajika Septemba na mbadala wake unakubalika. Nilimjibu kwamba barua ya msajili inakubalika kwa vyote viwili, ila ya kujisajili lazima itaje tarehe ambayo shahada yake imeidhinishwa rasmi, na iseme kwamba hakuna masharti yaliyobaki. Barua inayosema tu kwamba mtu "anatarajiwa kuhitimu" haitoshi. Hiyo tungeikataa.

Neno "iliyothibitishwa" liulizwe kwa uangalifu: imethibitishwa na nani? Wengine wanataka muhuri wa wakili. Wengine hawataki muhuri wowote ila transkripti itoke moja kwa moja kwa msajili wa chuo chako, kwa bahasha iliyofungwa au kwa barua pepe ya ofisi yake, na bahasha ikifunguliwa na wewe haina kazi tena. Wengine wanataka apostili, yaani uthibitisho wa serikali unaotambuliwa na nchi wanachama wa Mkataba wa Hague wa 1961. Nchi yako isipokuwa mwanachama, njia ni nyingine, kwa kawaida kupitia wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Nimewaona watu waliolipia mihuri ya kila namna kwa nyaraka ambazo tulizihitaji kwa kuskani tu. Uliza kwanza, ndipo ulipe. Hali kadhalika tafsiri: uliza kama wanataka mtafsiri aliyesajiliwa, na kama tafsiri iambatane na hati ya lugha ya asili.

Kutoambatisha kitu lilikuwa jambo la busara pia. Barua ya maulizo haihitaji nakala ya pasipoti. Kikasha cha pamoja hufunguliwa na watu wengi, na nyaraka zinazotumwa huko haziingii kwenye faili lako hata kidogo. Zina mahali pake, ndani ya fomu.

Na aandike mwombaji mwenyewe. Wajomba, kaka wakubwa na wenzi wa ndoa walituandikia sana, kwa upendo wote, wakitaka kujua maombi ya mtoto yamefikia wapi. Hatukuweza kuwajibu. Sheria za faragha, kama ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, hazimruhusu afisa kuzungumzia maombi ya mtu mzima na mtu mwingine bila idhini yake. Mjomba akitaka kushughulikia, mwombaji atume kwanza ruhusa ya maandishi kutoka kwenye anwani aliyoandika kwenye fomu.

Kuhusu heshima nina maoni yangu. Salamu ndefu hazimuudhi mtu, lakini hazimsaidii. "Ndugu Afisa Udahili" inatosha kabisa. Kilichokuwa kikituchosha ni barua ileile kutumwa anwani tano kwa siku moja: ofisi ya udahili, mkuu wa idara, profesa, ofisi ya fedha, na mtu fulani aliyeonekana kwenye tovuti. Kila anwani hufungua faili lake, maafisa wawili hujibu tofauti kwa neno moja, na mwombaji anakuja na ushahidi kwamba chuo kinajipinga. Profesa ana nafasi yake kama unaomba utafiti na unatafuta msimamizi. Kuhusu ada na tarehe, atakurudisha kwetu tu.

Usipojibiwa, subiri siku tano za kazi, ukiondoa sikukuu za nchi ya chuo, kisha andika mstari mmoja kwenye mfululizo uleule wa barua, sio barua mpya. Ukianzisha mpya unaanza foleni upya, na anayeifungua hana historia yako mbele yake.

Muuguzi wetu alifanya hivyo. Ofisi ya fedha ilichelewa kujibu swali la nne, naye siku ya sita aliandika juu ya barua yangu: "Namba 1, 2, 3 na 5 nimezipata, asante. Imebaki namba 4." Nilijua papo hapo nimsumbue nani. Jibu lilipotoka, lilisema mwajiri anaweza kulipa mradi atoe barua yenye nembo yake, iliyotiwa sahihi, ikitaja jina la mwombaji, programu, na kiasi anachodhamini; na kwamba ada ile ilikuwa ya programu nzima, jambo ambalo ukurasa haukulisema popote. Aliomba sentensi hiyo ya ada iwekwe pia kwenye barua yake ya kukubaliwa. Iliwekwa.